Kusema la Moyoni kwa Lugha ya Kuazima



Katika kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, tulikaa bloku moja kwa miaka miwili kabla ya neno moja la Kiswahili kukaribia kututenganisha. Wakati ule hatukuwa mume na mke, lakini katika simulizi hii tutajiita hivyo ili msomaji asipotee. Tunaandika pamoja, kwa sababu kila mmoja wetu aliisikia nusu tu ya mambo yaliyotokea, na nusu ya pili aliijua baada ya ndoa.

Mtendeli ilifunguliwa Januari 2016 ili kuwapokea Warundi waliokuwa wakikimbia machafuko ya mwaka 2015. Mume alikuja na mama yake na dada yake kutoka Ruyigi, upande wa pili wa mpaka, ambako familia za Kiislamu ni chache na Kirundi ndicho kila kitu. Kiswahili alikipata kambini, akiwa mtu mzima, katika darsa na katika foleni ya rasheni. Mke alitoka Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya msikitini. Babu zake walitoka Kongo. Kirundi alikijua, lakini kilikuwa Kirundi cha kununulia ndizi, na wenzake kambini walimcheka kila alipofungua kinywa. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa Warundi, na bado mmoja wetu alikuwa mgeni katika lugha ya mwenzake.

Urafiki wetu ulianzia katika madrasa ya bloku, iliyokuwa kibanda cha miti na turubai. Mke alifundisha herufi kwa watoto wadogo, mume aliwafundisha wakubwa na kuchota maji ya udhu, na Mtendeli maji yalikuwa ya shida. Dada wa mume alikuwa nasi siku zote. Hatukukaa faragha, wala hatukuhitaji. Mama wa mume alikuwa na maradhi ya muda mrefu, na waganga wa zahanati walisema Kiswahili. Mke akawa anafuatana naye kila miadi ili kumfasiria, kwa kuwa Kirundi chake kiliitosha homa na kuumwa tumbo. Nyumbani naye mume alipokwama katika neno lolote la Kiswahili alimwuliza yeye. Hilo ndilo fundo la habari yetu. Mtu pekee aliyeweza kumweleza uzito wa neno ndiye aliyetaka kumwambia neno hilo.

Tangu Septemba 2017 misafara ya kurudi Burundi kwa hiari ilikuwa imeanza. Mwaka uliofuata ikavuma kwamba baba mdogo wa mke, aliyekuwa walii wake baada ya baba yake kufariki, anafikiri kujiandikisha. Mume akaona kwamba asiposema, basi la msafara litamsemea.

Tuanze na lile ambalo mume alilielewa vibaya kwa miaka miwili. Mke alikuwa akimwita "kaka". Kwa mtu wa Buyenzi hiyo ni adabu tu, kama anavyomwita muuza mkaa. Kwa Kirundi mwanamke anaposema "musaza wanje" anamtaja ndugu yake, na neno hilo halitupwi ovyo. Kila alipoitwa kaka, mume alisikia mlango ukifungwa kwa upole. Upande wa pili, mume alikuwa na mazoea ya kumwambia mke "nakupenda sana" kila aliporudi na mama yake kutoka zahanati. Kwa Kirundi "ndagukunda" huambiwa mama, mtoto, jirani aliyekusaidia kubeba kuni. Kwa Kiswahili pia kupenda ni neno pana, lakini kijana akimwambia msichana "nakupenda sana" mbele ya majirani, majirani hawaulizi upana wake. Wanawake wawili wa bloku walikwisha kunong'ona, na mke alikwisha kuamua kwamba maneno yale hayana maana yoyote, kwa sababu msemaji wake hakuonyesha haya hata kidogo alipoyatamka. Kwa hiyo siku ambayo angeyatamka kwa maana yake halisi, yasingesikika. Neno lilikwisha kuchakaa.

Mume akaandika barua. Karatasi ile tunayo mpaka leo, na kwa ruhusa yake tunaieleza. Ilianza kwa "Dada, nakutaka tangu siku nyingi." Ikafuata "Nataka kubaka na wewe." Kisha mistari mitatu ya mapenzi aliyoiokota katika nyimbo za redioni, na mwisho ahadi kwamba akikataliwa atakufa.

Msomaji wa Kiswahili ameshashtuka, na tunaomba radhi kwa kuliandika neno lile katika ukurasa unaosomwa na familia, lakini bila kulitaja habari haieleweki. Kwa Kirundi "kwubaka" ni kujenga, na kujenga rugo, yaani nyumba na familia, ndiyo namna ya heshima ya kutaja ndoa. Kijana hawezi kusema jambo safi zaidi ya hilo. Kiswahili kimeliweka neno lenye sauti hiyohiyo katika orodha ya jinai. "Nakutaka" nalo lilikuwa tafsiri ya moja kwa moja ya kutaka kwa Kirundi. Kwa Kiswahili kumtaka mwanamke ni kumtongoza, tena kwa njia isiyo njema. Lau barua ile ingefika, mke angesoma matusi mawili na tishio moja, kutoka kwa mtu aliyemwamini. Wala mume asingejua amekosea wapi, kwani angeonekana mkali yule aliyeshtuka.

Lugha ya pili ina hatari hiyo katika mambo ya moyo. Katika lugha ya mama mtu husikia neno baya kabla halijatoka, masikio yake humwonya. Katika lugha ya kuazima kila neno lina uzito mmoja, na nyimbo hufundisha maneno makubwa kabla ya madogo. Kijana wa bloku jirani alimpelekea rafiki yake maneno kama yale kwa simu. Kambini simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Aliyeyasoma kwanza alikuwa mjomba wa binti. Familia zile hazikusalimiana tena hadi tulipohama.

Mume alitaka pia kuongeza Kiarabu. Alikuwa amejifunza katika darsa ile hadithi ya sahaba aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anampenda mtu fulani, naye akaamrishwa amfuate mtu huyo na kumjulisha. Akaona kwamba akimwambia rafiki yake kuwa anampenda kwa ajili ya Allah, atakuwa amesema na hakusema, na akikataliwa atasema alikusudia undugu wa dini.

Aliyemzuia ni bibi mmoja mtu mzima, mke wa ustadhi wetu, mwenyeji wa Rumonge, ambaye lugha zote mbili zilikuwa zake. Dada wa mume ndiye aliyesema, "Kaka, usipeleke kitu ambacho Bibi hajakisoma." Bibi aliisoma barua, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akanyamaza kitambo. Akasema:

"Mwanangu, hapa hakuna baya ulilokusudia, wala hakuna jema uliloandika. Na lile la Kiarabu liache. Ukimpenda kwa ajili ya Allah, sema hivyo siku usiyotaka kitu. Leo unataka kuoa. Usiivishe haja yako kanzu ya ibada."

Akamwuliza mambo kwa Kirundi, ili ajibu bila kuhangaika na maneno. Je, ana nia ya kuoa, au anataka tu kutua mzigo? Alisema kuoa. Akikubaliwa, ana mahari gani? Alikuwa na akiba ndogo ya vibarua, akaitaja. Nani mwingine anajua? Akasema hakuna, na Bibi akamtazama dada yake aliyekuwa ameketi pale, ndipo mume akarekebisha: dada anajua, mama hajui.

Kisha Bibi akamtahadharisha asiende moja kwa moja kwa baba mdogo. Msomaji anaweza kushangaa, maana posa hupelekwa kwa walii, nasi tunalikubali hilo bila shaka. Lakini Bibi alitenganisha mambo mawili. Posa ikifika kwa walii, wazee wa bloku wanajua, na jawabu la hapana linakuwa hapana ya ukoo mmoja kwa ukoo mwingine. Hapo urafiki hauna pa kusimama. Swali la kama binti mwenyewe ana radhi linaweza kutangulia kwa siri, kwa mdomo wa mwanamke mwaminifu, na likikataliwa linazikwa palepale. Akatukumbusha kwamba Bi Khadija (r.a.) hakulipeleka neno lake mwenyewe, bali alimtuma Nafisa binti Munya kupima kwanza. Kwa Kirundi mtu wa namna hiyo ni umuranga, kwa Kiswahili ni mshenga, na kazi yake si kubembeleza tu. Yeye ndiye sikio la kila upande.

Barua mpya ilichukua jioni mbili. Bibi alimtaka mume aseme kila sentensi kwa Kirundi, yeye akaigeuza kwa Kiswahili, kisha dada aligeuze tena kwa Kirundi bila kuona ya kwanza. Pale Kirundi cha pili kilipotofautiana na cha kwanza, sentensi ilivunjwa. Ikabaki hivi:

"Dada, tumekuwa majirani na tumefundisha pamoja. Nina nia ya kukuposa kwa baba yako mdogo. Kabla ya kumpelekea neno, napenda kujua kama wewe una radhi. Anayejua ni Bibi na dada yangu tu. Kama huna radhi, mwambie Bibi, nami sitauliza sababu. Madrasa itaendelea kama ilivyo."

Ukiitazama, haina neno la mapenzi hata moja. Mume alilalamika kwamba ni kavu kama taarifa ya rasheni. Bibi akamjibu kwamba kuposa ndilo neno la mapenzi lisiloweza kueleweka vibaya, na mengine atayasema akishapata ruhusa ya kuyasema, hata kwa makosa. Aliacha "dada" makusudi: kama jawabu litakuwa hapana, neno hilo litakuwa limekwisha kuwapo, na wote wawili watalirudia bila kuona aibu. "Sitauliza sababu" lilikuwa gumu kwake kuliko yote. Bibi alimsimulia habari ya Barira, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwombea mumewe wa zamani, Mughith, aliyekuwa akimlilia njiani; Barira akauliza kama hiyo ni amri, akaambiwa ni maombezi tu, naye akakataa, wala hakulaumiwa. Kama maombezi ya Mtume yaliacha nafasi ya hapana, barua ya kijana wa Ruyigi iachie ngapi?

Bibi alimsomea mke maneno yale kwa sauti, dada akiwapo, kisha akaondoka na karatasi yake ili isibaki nyumbani kwa watu.

Sasa aseme mke. Alichokisikia kwanza hakikuwa posa, bali sentensi ya madrasa. Hofu yake ya kwanza ilikuwa kwa wale watoto, na kwa mama mgonjwa. Alimwuliza Bibi: "Na nikikataa, Mama nitampeleka zahanati kwa uso gani?" Hakuwa na jawabu la ndiyo wala la hapana. Alitaka mume ajue kwamba amesikia na anafikiri. Akataka kumheshimu kwa kujibu kwa lugha yake, akamtuma Bibi aseme hivihivi bila kutengeneza: "Ndavyumvise."

Kwa Kiswahili cha Buyenzi, mtu akikuambia "nimesikia" na kunyamaza, amekuambia usubiri, na mara nyingine amekukatalia kwa upole. Hata "insha'Allah" yetu, tusamehewe, tunaitumia hivyo. Lakini kwa Kirundi kusikia na kuelewa ni kitenzi kimoja. Mume alipopokea neno lile alisikia "nimeelewa", akaona jambo limekaa vizuri, akaanza kuhesabu fedha zake. Bibi akamkatiza: "Hujajibiwa. Umesikiwa." Akaongeza kwamba asije akajidanganya kwa ile hadithi ya kuwa ukimya wa bikira ni ridhaa yake. Ukimya ule ni wa binti aliyeulizwa na walii wake, akaelewa swali, akashikwa na haya ya kutamka ndiyo. Ukimya wa mtu anayetafuta maneno, au anayeogopa kumpoteza rafiki, si ridhaa ya mtu yeyote.

Zikapita siku kumi. Katika siku hizo tulifanya kosa moja ambalo barua nzuri haikuweza kulizuia. Mume alifikiri kwamba mke hawezi kujibu kwa uhuru huku anamhudumia mama yake, kwa kuwa ataona anadaiwa, au mama ataonekana anadaiwa. Akamwomba jirani mwingine ampeleke mama zahanati wiki ile. Nia ilikuwa njema, na mpaka leo tunaona ilikuwa sahihi. Lakini hakumwambia mtu. Mke aliamka asubuhi ya miadi, akajifunga ushungi, akakuta mama amekwisha kuondoka na mtu mwingine. Akajua amekwisha kutengwa kabla hajajibu. Alilia siku ile, na jioni alikuwa karibu kumwambia Bibi hapana. Posa hakuwa na shida nayo. Alichokitaka ni kujitoa katika nyumba ile kabla hajatolewa.

Bibi alikuja usiku, akamweleza. Mke akauliza kwa nini hakuambiwa. Mume alipoulizwa alisema hakujua namna ya kuieleza kwa Kiswahili bila kuonekana anamfukuza. Ilikuwa kweli. Sentensi aliyoihitaji ilikuwa ndogo, "wiki hii pumzika, wiki ijayo Mama anakusubiri", na hakuna hata neno moja ndani yake asilolijua. Alikuwa ameogopa lugha mahali ambapo lugha ilikuwa rahisi, baada ya kuwa jasiri mahali ilipokuwa na miiba. Wiki iliyofuata mke alimpeleka mama zahanati kama kawaida, hali jawabu bado halijatoka, na mama hakujua lolote. Mke anasema jawabu lilitoka katika safari ile. Aliona kwamba angeweza kukataa na bado akatembea njia ile ile na mama yule. Alipokwisha kuliona hilo, akajua hataki kukataa.

Akamwita Bibi akamwambia: "Ndavyemeye." Safari hii Bibi alimfanya aliseme pia kwa Kiswahili, nimekubali, na akamwuliza mara mbili amekubali nini: kuposwa, au kubaki marafiki? Mke alichukizwa kidogo na swali la pili. Bibi akasema amewahi kuona harusi ikipangwa juu ya kitenzi kisicho na jina nyuma yake. Ndipo neno likapelekwa kwa baba mdogo, na huko mambo yakaenda kwa desturi: wazee wawili, kahawa, mahari ikataajwa na kupunguzwa, na baba mdogo akamwuliza binti mbele ya shangazi yake. Alinyamaza na kuinamisha kichwa, na mara hii ukimya ulifahamika.

Baba mdogo alirudi Burundi baada ya nikahi. Bibi na ustadhi nao walirudi baadaye. Mtendeli ikafungwa Desemba 2021 na sisi tulikuwa miongoni mwa waliohamishiwa Nduta, wilayani Kibondo, na masufuria, magodoro na mama. Barua ya kwanza ilisafiri ndani ya msahafu wa mume, ile ya pili aliondoka nayo Bibi. Mke hucheka kila akiikunjua ya kwanza. Mume bado hukosea neno lile la kujenga, hasa akiwa amechoka, na mafundi wa jirani wamekwisha kumzoea. Watoto wetu humrekebisha kabla hajalimaliza.